Kiatu Nilichokichora Kibiti

Nilikuwa na maringo mengi kuliko elimu wakati ule tulipopelekwa Kibiti kwa mafunzo ya vitendo. Tulikuwa wanafunzi watatu wa uuguzi, wasichana watupu, na chuo kilitupa wiki kumi na kazi moja ya kupimwa: tuandae kipeperushi cha kuwafundisha wagonjwa wa kisukari namna ya kutunza miguu yao ili wasipate vidonda, tukigawe, tukifundishe, kisha turudi na ripoti. Wenzangu wawili walinung'unika kwamba kazi yenyewe ndogo. Mimi nilifurahi, kwa sababu najua kuchora, na kwa kipeperushi nitapata pa kuonyeshea.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na sabuni na chumvi tu yalianza kujaa vitu ambavyo hatukujua vinatumikaje, na kando ya barabara ya kwenda kusini mitumba ilimwagwa chini kwa malundo. Wauza viatu walikuwa na namna yao ya kuuza. Kila mmoja alitia mkono mmoja ndani ya kiatu, akakiinua juu na kukigeuza huku na huku, akikisifia kama bwana harusi. Nilipenda kuwatazama. Sikujua kwamba wao ndio waliokuwa wakifanya jambo nililopaswa kulifundisha.

Kliniki ya kisukari katika kituo chetu cha afya ilikuwa Alhamisi. Wagonjwa walikuja na mkojo katika vichupa vya dawa ya kikohozi, nasi tukauchemsha na dawa ya buluu kwenye bomba la kioo kupima sukari. Ikibaki buluu, mtu anashukuru Mungu. Ikigeuka kijani, anainama. Ikiwa rangi ya tofali, anaanza kujitetea kabla hujamuuliza, na mara nyingi wa kulaumiwa ni harusi ya jirani.

Msimamizi wetu, ambaye kila mtu alimwita Sista tu, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na kigoda chake mwenyewe. Alhamisi ya kwanza alitufundisha kwa kukaa juu ya kigoda kile, kuuchukua mguu wa mgonjwa na kuulaza juu ya mapaja yake. Alimfumbisha mgonjwa macho, akamgusa nyayo kwa kipande cha pamba na kumuuliza, "Nimekugusa wapi?" Mzee yule alijibu, "Bado hujagusa." Pamba ilikuwa imekwisha kupita vidole vyote vitano.

"Mmeona?" Sista akatuambia. "Sukari ikikaa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu ya miguu. Akikanyaga mwiba hajui. Na damu nayo haifiki vizuri, kwa hiyo kidonda kikianza hakiponi upesi. Wengi wanaokatwa miguu walianza na kitu kidogo ambacho mimi na nyie tungeruka na kupiga kelele. Kwa hiyo anzeni na miguu, karatasi baadaye."

Tukaitikia ndiyo Sista, tukaenda moja kwa moja kwenye karatasi.

Tulikopa maneno kwenye vitabu vya chuo, tukapata maagizo kumi na mawili mazuri. Osha miguu kila siku kwa maji ya vuguvugu, na joto la maji ulipime kwa kiwiko, usilipime kwa mguu. Kausha vizuri katikati ya vidole. Paka mafuta juu na chini ya mguu, ila usipake katikati ya vidole. Tazama nyayo kila siku kwa kioo, au umwombe mtu akutazamie. Kata kucha moja kwa moja, usichimbe pembeni. Usikate sugu kwa wembe. Usiote moto miguu. Usitembee peku, hata ndani ya nyumba. Vaa viatu vya kufunika, vipana, na soksi za pamba. Usivute sigara. Ukiona jeraha, malengelenge au wekundu, njoo siku ileile. Na la kumi na mbili: kabla ya kuvaa kiatu, tia mkono ndani upapase kama kuna jiwe, msumari au kitu kingine.

Ofisi moja ya jirani ilitukubalia mashine yake ya kudurufu na stensili moja tu, ile karatasi ya nta inayochapwa kwanza. Mwenzangu mmoja alipewa kuchapa maneno, mwingine kushika karatasi, na mimi nikapewa kalamu ya chuma nichore kwanza. Nilichora kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa cha mchezo. Kilikuwa kiatu cha kiume cha kamba, nilichokikariri miguuni mwa mwalimu wetu wa anatomia, chenye matundu sita ya kamba, mshono wa kuzunguka na kisigino kinachong'aa. Nilikaa nacho alasiri nzima. Nilipomaliza, kilikuwa kimekula robo ya karatasi, na maneno hayakuenea.

"Punguza kiatu," akasema mwenzangu wa taipu.

"Kiatu hakipunguziki," nikamjibu. "Toa sentensi moja."

"Ipi?"

Nikapitisha kidole kwenye orodha. Ile ya mwisho ilionekana jambo la akili ya kawaida. Nani asiyejua kukung'uta kiatu? Nikasema tuitoe hiyo, ikatoka. Tulizungusha mashine, tukapata nakala arobaini zinazonuka wino, na usiku ule nililala nikiwa msanii.

Alhamisi iliyofuata ndipo nilipokutana na Bibi.

Alikuwa mjane wa makamo ya kuzeeka, mkulima wa mpunga kutoka Mbwera, kule visiwani mto unapoingia baharini, mwembamba, mwenye meno machache na maneno mengi. Alikuwa amehamia kwa binti yake kule Bungu, mji wa jirani, ili awe karibu na dawa. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tabora, Mnyamwezi. Akapiga makofi na kuwageukia wenzake barazani.

"Jamani, nimeletewa mtani! Mtumwa wangu amekuja mwenyewe kwa miguu yake!"

Kwa asiyejua, Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele za watu, akakunyang'anya kofia au sufuria, nawe huruhusiwi kununa. Utakikomboa kitu chako kwa maneno, au kwa sukari, au kwa chochote. Ni ruhusa ya zamani, na watu wa kule wanaitumia kwa bidii. Tangu siku ile Bibi hakuniita jina langu.

Nilipokuwa nikisoma kipeperushi kwa sauti, nilifika "osha miguu kila siku" akanikatiza.

"Kila siku mara ngapi?"

"Mara moja, Bibi."

"Mara moja! Huko kwenu bara ndiyo mnaosha mara moja. Mie natawadha mara tano, mtani. Miguu yangu misafi kuliko uso wako."

Baraza lote likacheka, na mimi nikacheka, nikaendelea na orodha. Laiti ningesimama hapo hapo nimuulize anaioshaje. Baadaye nilijua kwamba goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki vizuri, kwa hiyo alimimina maji kwa kopo huku akisugua mguu kwa mguu. Nyayo zake alikuwa hajazitazama tangu mvua za mwaka uliotangulia.

Lakini kipeperushi alikipokea kwa mikono miwili. Alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya watu wazima, na kwa hiyo karatasi aliiheshimu kuliko sisi tuliosomea utotoni. Aliikunja mara nne, akaitia ndani ya pochi ya ukindu aliyoisuka mwenyewe. Kabla ya kuondoka alinionya.

"Mtani, mie kaka yangu walimkata mguu Dar es Salaam. Alikwenda na kidole kibovu, akarudi na gongo. Hakuvuka tena mkondo kwenda shambani mpaka anakufa. Mie nataka nirudi kwenye mpunga wangu kwa miguu hii hii. Kwa hiyo karatasi yako nitaifuata neno kwa neno, na ikiwa umeandika uongo nitakuuza."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Alifuata neno kwa neno, na si maneno tu. Picha pia aliifuata. Alikwenda na kipeperushi kwa wauza mitumba pale Bungu, akakikunjua mbele ya lundo na kumwambia muuzaji, "Nataka hiki." Muuzaji alipekua mpaka akakipata: kiatu cheusi cha kiume, cha kamba, chenye matundu sita. Soli ilikuwa imefunguka mbele, akaipeleka kwa fundi viatu ikagongwa misumari midogo. Soksi za pamba alipata za mchezaji mpira, nyeusi, zenye mistari.

Basi Alhamisi ya tatu, barazani kwetu kumejaa watu wamekaa juu ya mkeka, kandambili zao zimepangwa ukingoni, akatokea Bibi katika kanga yake ya maua mekundu, na chini ya kanga viatu kama vya mkuu wa wilaya. Aligonga sakafu kwa visigino makusudi tusikie. Watu walicheka mpaka wakalia. Mtu mmoja alimwambia avue, ni adabu, pana mkeka. Bibi akatoa karatasi.

"Imeandikwa usitembee peku hata ndani ya nyumba. Nyie ndio wakaidi."

Mimi nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Kiatu changu kilikuwa kimetoka kwenye karatasi kikaja kinatembea! Nikasimama mbele ya watu na kusema huyu ndiye mgonjwa wa mfano, mpigieni makofi. Wakapiga. Bibi akakaa kwenye benchi, akanyoosha miguu watu wavione viatu vizuri. Nilifundisha somo zima nikivielekezea kidole, wala sikumwomba avivue. Nikiikumbuka nusu saa ile hadi leo naona aibu, aibu hasa, ya kutaka kutoka nje ya chumba.

Kilichotokea baada ya hapo hakikutokana na akili yangu. Kilitokana na utani.

Somo lilipokwisha, Bibi alinyanyua mkono na kuniuliza mbele ya watu kama huko kwetu Tabora viatu tumeviona, au tunavaa ngozi za mbuzi. Watu wakapiga kelele, wakingoja nijibu. Mtani hajibu kwa maneno akipata cha kushika. Nikapiga goti, nikafungua kamba ya kiatu cha kushoto na kukivuta.

"Nimekiteka! Usiponikomboa, leo unarudi Bungu na mguu mmoja wa kiume na mmoja wa kike."

Baraza lilikuwa moto. Nikataka kunogesha zaidi, nikafanya kama wauza mitumba: nikatia mkono ndani ya kiatu nikiinue juu na kukinadi.

"Aii!"

Nilikitupa chini. Ncha ya kidole changu cha kati ilitoa tone la damu. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakazidi kucheka, na Bibi akacheka kuliko wote. Mimi nilikuwa nimesimama nikitazama kidole. Nilikuwa nimeguswa na msumari kwa muda wa kufumba na kufumbua, nikapiga ukelele uliofika barabarani. Yeye alikuwa ametoka navyo Bungu asubuhi. Nikamuuliza polepole kama leo ndiyo mara ya kwanza kuvivaa.

"Leo? Siku ya nne hii. Navua nikilala na nikitawadha tu."

Ndani ya kiatu kulikuwa na unyevu. Nikapiga magoti tena, safari hii bila utani, nikaivua ile soksi nyeusi. Haikutoka kwa urahisi, ilikuwa imegandamana na nyayo, na ilipoachia ilitoa harufu. Chini ya shina la kidole gumba palikuwa na tundu, kingo zake nyeupe zimelowana, ndani usaha, na kuzunguka pale ngozi nyekundu na ya moto. Kicheko kilikatika kidogokidogo, kuanzia waliokuwa mbele.

"Kuna nini?" akauliza Bibi. Alikuwa akinitazama usoni, kwa maana mguuni hakusikia kitu. "Mtani, sema. Kuna nini?"

Niligeuka nikaita. Sista alikuja na kigoda chake.

Alifanya kazi bila haraka. Aliupapasa mguu juu mpaka akapata mshipa unaopiga, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaosha kidonda kwa maji ya chumvi safi, akaondoa nyama iliyokufa, na Bibi akamtazama kama anayetazama mtu akimenya muhogo. Kisha akapima kina kwa kijiti cha chuma kilichochemshwa, polepole, akisikiliza kwa vidole. Nilijua anatafuta nini. Kijiti kikigonga mfupa, habari inakuwa nyingine, na barabara ya Dar es Salaam inakuwa fupi sana.

"Hakijafika mfupani," akasema.

Akamchoma sindano ya pepopunda, akampa dawa za kuua vijidudu, akaufunga mguu kwa shashi. Mkojo wake ulikuwa rangi ya tofali, kwa kuwa kidonda chenye usaha hupandisha sukari, kwa hiyo vidonge vyake vya sukari vikawekwa kando kwa muda na insulini ikatolewa kwenye jokofu la mafuta ya taa. Na akamwambia asikanyagie mguu ule mpaka aambiwe. Kama wekundu utapanda au atapata homa, anavushwa mto kwenda hospitali ya wilaya siku hiyohiyo.

"Watanikata?" Bibi aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia kwake.

"Sijui bado," akasema Sista. "Tumekiwahi. Huyu mtani wako amekiwahi."

Hapo Bibi akanishika mkono kunishukuru, na mimi nikatamani sakafu ipasuke.

Watu walipotawanyika, Sista aliomba nakala ya kipeperushi. Alikisoma chote, akageuza nyuma palipokuwa patupu, akarudi mbele.

"Namba ngapi inasema mtu atie mkono ndani ya kiatu?"

Wenzangu walitazama chini. Walikuwa waungwana, hawakunitaja. Nikasema mwenyewe: ilikuwepo, nikaitoa, kiatu kilikuwa kikubwa. Nilitegemea kugombezwa, na kugombezwa kungenisaidia. Yeye alikunja karatasi na kunirudishia.

"Kumfunga kidonda kila siku ni kazi yako. Mpaka kipone au mguu ukatwe."

Bibi alihamia Kibiti kwa jamaa zake, nyuma ya kituo. Wiki ya kwanza nilikuwa nafungua shashi nikiwa nimebana pumzi, na si kwa harufu. Wekundu uligoma pale pale siku mbili. Siku ya tatu nilidhani umepanda, nikachora mpaka wake kwa kalamu ya wino, nikaamka alfajiri kwenda kuutazama. Haukuwa umevuka. Siku ya tano ulikuwa umerudi nyuma ya wino upana wa ukucha, na nilimkumbatia Bibi mpaka akauliza kama nimechanganyikiwa.

Ilibidi nimwambie. Nilimwambia siku hiyo ya tano, kwa kuwa kabla ya hapo niliogopa. Nikamweleza kuhusu stensili na sentensi ya kumi na mbili. Kisha akaomba nimkunjulie karatasi yake, akakitazama kile kiatu.

"Umekichora vizuri," akasema. "Ndiyo maana nilikiamini. Mie ningekuwa na hasira, mtani, lakini hasira inapandisha sukari. Sasa leta kalamu, tuandike nyingine."

Hivyo ndivyo kipeperushi cha pili kilivyoandikwa, kando ya kitanda cha kamba, mguu mmoja ukiwa juu ya mto. Nilisoma kila agizo kwa sauti, naye akaniambia lilivyo nyumbani kwake.

"Usitembee peku ndani ya nyumba. Na kwa watu? Niingie na matope ya njiani kwenye mkeka wa mtu? Andika: mtu awe na kandambili safi za ndani, azibebe."

Nikaandika.

"Kioo. Mie kioo changu kikubwa kama kiganja na macho yangu haya. Andika: mjukuu atazame nyayo, kila siku, saa ileile."

"Saa ngapi, Bibi?"

"Si nimekwambia natawadha mara tano? Adhuhuri jua lipo juu, kuna mwanga. Watu wakae, wainue mguu, watazamwe. Na wakishamaliza wajikaushe katikati ya vidole. Hilo tulikuwa hatulifanyi, tunaondoka tunachuruzika."

Nikaandika na hilo, nikajiona mjinga. Wagonjwa wangu walikuwa na wakati wa kuigusa miguu yao mara tano kwa siku, uliopangwa kabla ya vitabu vyetu vya uuguzi, na mimi nilikuja kuwaambia mara moja kwa siku kwa kiwiko.

Soksi zikawa nyeupe, ili damu ionekane. Kuhusu kulima kwenye tope tulibishana sana, mpaka Sista akaamua: mabuti ya mpira, na kila yakivuliwa mguu uoshwe na ukaushwe. Kuhusu kiatu cha kawaida, tulimwita yule fundi wa misumari. Alikuja kwa aibu kama yangu, akamshonea Bibi makubazi mapana ya ngozi yenye sponji ndani, akashona kwa uzi mtupu. Tukaandika: mwambie fundi ashone, asigonge msumari, na kiatu ukinunue jioni, mguu ukiwa umevimba vimba.

Nafasi ya juu kabisa, kabla ya namba zote, tuliweka ile sentensi iliyotolewa. Na mimi sikuchora kiatu. Niliulaza mkono wa Bibi juu ya stensili nyingine tuliyoiomba, nikauzungushia kalamu ya chuma taratibu, kidole kwa kidole, nikaandika chini yake: huu uingie kiatuni kabla ya mguu. Tukawatafuta wenye nakala za kwanza, mmoja mmoja, wengine mpaka Ngorongo, tukawabadilishia.

Kidonda kilijifunga wiki ya saba. Kilibaki na kovu la mviringo, gumu kidogo, ambalo Sista alisema litachungwa maisha yote, kwa kuwa mguu uliowahi kupata kidonda ndio unaopata kingine. Wiki ya tisa Bibi aliruhusiwa kurudi Mbwera, wakati ule ule mpunga ulipokuwa unaanza kuinama. Alikuja kliniki kuaga, amevaa makubazi yake, mkononi ana mabuti ya mpira yaliyofungwa pamoja kwa kamba.

Barazani palikuwa pamejaa. Akakaa kwenye benchi. Niliinama kumwamkia, "Shikamoo, Bibi," na badala ya kuitikia marahaba akanidaka kifundo cha mguu. Kwa mwanamke wa umri ule alikuwa na nguvu za ajabu. Kabla sijajua, kiatu changu cheupe cha kazi kilikuwa juu ya kichwa chake na watu wanapiga vigelegele.

"Leo zamu yangu! Mnyamwezi ametekwa! Atakombolewa na nani?"

Kisha akakishusha, akatia mkono ndani kama tulivyofundisha, polepole, vidole vikitembea mpaka mbele kabisa. Vikasimama. Akatoa mkono na kunionyesha kilichokuwa kiganjani: kijiwe cha barabarani, kidogo kama punje ya mchele.

"Hiki ulikisikia?"

"Nilikisikia, Bibi. Tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi, na hukukitoa?"

"Nilikuwa na haraka."

Watu walikuwa bado wanacheka, lakini yeye utani ulikuwa umemtoka usoni. Alikitazama kile kijiwe, akakigeuza kwa kidole.

"Mie ningetoa shamba langu lote," akasema, "nikisikie hata hiki."

Akakitupa nje ya baraza, akakikung'uta kiatu, akakipapasa tena ndani, akakiweka mbele ya mguu wangu. "Vaa," akaniambia. Nikavaa.